Nani kala sifuri za mwanzo? Namba za simu na namba za stoo zimeharibika, na faili tumesharudisha kwenye mfumo

#1 MamaStoo
Habari zenu wakuu. Nasimamia stoo ya spea za pikipiki na bajaji, Mwanza. Ijumaa nilitoa orodha mbili kwenye mfumo wetu wa mauzo, moja ya wateja 640 na nyingine ya bidhaa zote. Zilitoka kama CSV. Nikabofya mara mbili zikafunguka Excel, nikafuta wateja waliojirudia, nikasahihisha majina ya bidhaa, nikahifadhi. Kijana wangu akazirudisha kwenye mfumo jioni ile.

Jumatatu tunatuma meseji za kukumbusha madeni, karibu zote zinakataliwa. Kuangalia, 0712345678 imekuwa 712345678 (hiyo naitoa kama mfano tu, ila zote ziko hivyo). Hilo ningelivumilia. Kinachoninyima usingizi ni stoo. Tulikuwa na 00415 ambayo ni beringi ya mbele, 0415 ambayo ni sili ya shoki, na 415 ambayo ni kebo ya klachi. Sasa zote tatu ni 415, na mfumo umezifanya bidhaa moja yenye pisi 137. Mteja anataka beringi, mashine inatoa bei ya kebo.

Nani kala sifuri, na nazirudishaje?

#2 KobeMjanja
Pole dada. Dawa yake ndogo sana. Weka alama ya nukuu moja mbele ya namba, hivi `'0712345678`, Excel itaiacha kama ilivyo. Mimi nafanya hivyo miaka yote.

#3 Baba_Neema
Nenda `File`, `Options`, `Advanced`, shuka chini utakuta `Show a zero in cells that have zero value`. Weka tiki. Kwako itakuwa imetolewa ndiyo maana sifuri hazionekani.

#4 FundiLeja
@Baba_Neema hiyo ni ya kisanduku ambacho thamani yake nzima ni sifuri, kama salio la 0. Haihusiki na sifuri ya mbele ya 712345678.

@KobeMjanja nukuu moja inafanya kazi unapoandika kwa mkono ndani ya kisanduku. Dada hajaandika, amefungua faili. Ukiiweka ndani ya CSV, Excel inaionyesha kama herufi ya kawaida, na ukituma kwenye mfumo wa meseji nukuu inakwenda nayo.

MamaStoo, kilichotokea ni hiki. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Hakuna mahali ndani yake panaposema safu hii ni namba ya simu, ile ni bei. Ukiibofya mara mbili, Excel inakisia yenyewe kisanduku kwa kisanduku: kikiwa na tarakimu tupu inakichukua kama hesabu, na kwenye hesabu 0415 na 415 ni kitu kimoja. Hadi hapo faili lako kwenye diski bado zima. Lilikufa ulipohifadhi.

Kabla hujagusa chochote, nijibu mambo mawili. Je, faili la mwanzo kabisa unalo popote, hata kwenye baruapepe? Na je, una bidhaa zenye herufi kwenye namba, mfano 0415A?

#5 MamaStoo
Faili la mwanzo sina, nililihifadhi juu yake. Ninalo hilo nililohifadhi mimi. Bidhaa zenye herufi zipo, na ajabu zenyewe ziko salama: 0415A bado ni 0415A, sifuri yake ipo.

#6 FundiLeja
Haina ajabu. 0415A ina herufi, haiwezi kuwa hesabu, ikaachwa. Ndiyo maana nilisema inakisia kisanduku kwa kisanduku, si safu nzima. Na hilo linatupa fununu nyingine: kama safu ya namba za bidhaa ndani ya mfumo wenu ingekuwa ya hesabu tupu, 0415A isingeweza kuingia kabisa. Kwa hiyo namtuhumu Excel kwanza, mfumo baadaye.

#7 Ras_Data
Siyo haraka hivyo mkuu. Mimi nimewahi kukutana na mfumo uliohifadhi namba kama maandishi, lakini sehemu ya kupokea faili ndiyo ilikuwa inageuza tarakimu tupu kuwa hesabu kabla ya kuandika. 0415A ingepita salama na 0415 ingeliwa, sawasawa na kwake. Dalili zinafanana kabisa. Kijana alirudisha CSV au alirudisha faili la Excel, ile `.xlsx`?

#8 KobeMjanja
Sawa nimekubali la nukuu moja. Basi kosa ni la mfumo uliotoa faili. Ungefunga namba kwa nukuu mbili, `"0712345678"`, Excel ingejua ni maandishi.

#9 FundiLeja
@KobeMjanja hili linaaminiwa na wengi, hata waandika programu. Kwenye CSV nukuu mbili kazi yake ni kulinda mkato uliomo ndani ya neno, mfano "Beringi, ya mbele". Excel ikifungua inazivua nukuu kwanza, kisha inakisia. `"0712345678"` inageuka 712345678 kama kawaida. Jaribu sasa hivi, dakika moja tu.

#10 KobeMjanja
Nimejaribu. Umeniweza. LibreOffice kabla ya kufungua imeniuliza, ina tiki ya `Format quoted field as text`, nikiiweka sifuri zinabaki. Kwa hiyo sikuota kabisa.

#11 Otieno_wa_Dunga
Salamu kutoka Kisumu. Wacha niwape yangu, kwa sababu kurudisha sifuri kulinitia hasara kuliko kuzipoteza. Nilikuwa na orodha ya wanachama wa chama chetu, sifuri zimepotea. Nikaandika fomula: kama namba inaanza na 7 na ina tarakimu tisa, weka 0 mbele, la sivyo weka pembeni kama namba mbovu. Nikasahau kwamba Kenya siku hizi tuna laini za 010 na 011. Hizo zikipoteza sifuri zinaanza na 1. Wanachama wote wenye laini mpya nikawatupa kwenye namba mbovu, hawakupata taarifa ya mkutano, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mweka hazina. Msiangalie tarakimu ya kwanza, angalieni urefu.

#12 BintiUnguja
Ahsante Otieno, na huku kwetu usisahau simu za mezani. Mamaa, Mwanza si mna 028? Namba ya mezani nayo kamili ni tarakimu kumi, ikipoteza sifuri inaanza na 28. Fomula ya "ianze na 6 au 7" itaikataa bure.

#13 FundiLeja
Hapo mmesema kweli. MamaStoo, kwenye faili la wateja weka safu mpya pembeni, uhesabu urefu wa kila namba:

```
=LEN(B2)
```

Kisha chuja, utuambie kila urefu una wateja wangapi. Usirekebishe kitu bado.

#14 MamaStoo
Nimefanya. Urefu wa 9 ni wateja 571. Urefu wa 12 ni 46. Urefu wa 8 ni 4. Waliobaki 19 hawana namba kabisa. Jumla 640.

Hao 46 wenye 12 wananitisha. Kwenye kisanduku naona `2.55712E+11`. Nikibofya, juu inaandika 255712000000. Na mwingine naye hivyo hivyo, na mwingine. Wateja wanane tofauti wana namba moja!

#15 Baba_Neema
Panua safu tu, namba itatokea nzima. Hiyo ni safu nyembamba.

#16 FundiLeja
Laiti ingekuwa hivyo. Safu nyembamba hukupa alama za reli `####`, na kwa namba fupi kidogo huweza kukupa hiyo E pia. Lakini kuanzia tarakimu 12, Excel kwenye muundo wa `General` huandika kwa E hata ukipanua safu hadi ukutani.

Na hapa ndipo palipo pabaya. Wakati faili liko wazi, namba nzima 255712345678 ipo ndani, ni sura tu iliyofupishwa. Lakini ukihifadhi kama CSV, Excel huandika kile kinachoonekana, si kilichomo. Kwenye faili ikaandikwa `2.55712E+11`. Ukifungua tena inasoma hiyo kuwa 255712000000. Tarakimu sita za mwisho zimekwenda, na hakuna fomula duniani itakayozitoa humo. Wateja wako wanane wana laini zinazokaribiana, za 0712 au karibu yake, ndiyo maana wamefanana.

Kwa hiyo una makundi matatu, kila moja na dawa yake.

Wale 571: sifuri moja tu imepotea na tunajua ilikuwa moja, kwa sababu namba kamili ni tarakimu kumi. Hao wanapona:

```
=IF(LEN(B2)=9,"0"&B2,B2)
```

Wale 4 wenye tarakimu nane: hao hawakupoteza sifuri peke yake. Kuna tarakimu ilisahauliwa siku walipoandikishwa. Tafuta leja au wapigie jirani zao.

Wale 46: tafuta chanzo kingine. Ripoti ya meseji mlizotuma zamani inaweza kuwa nazo.

#17 Ras_Data
Kwa nini usimpe `TEXT`? Fupi zaidi:

```
=TEXT(B2,"0000000000")
```

#18 FundiLeja
Kwa wale 571 inatoa jibu lilelile. Lakini waangalie wale wanne. Namba yenye tarakimu nane `TEXT` itaijazia sifuri mbili, itoke 00 kisha tarakimu nane, jumla kumi. Ukihesabu urefu baadaye zote ni kumi, zote nzuri, na kosa la kuandikisha limefukiwa. `IF` inaiacha nane ikae nane ili uione.

#19 Ras_Data
Hapo nimekuelewa. Sitabishana.

#20 MamaStoo
Ripoti ya meseji za mwezi uliopita nimeipata kwenye akaunti yetu ya kutumia meseji! Ina majina na namba. Katika 46 nimewapata 41. Watano wanakuja dukani wenyewe, nitawauliza.

Asante sana jamani. Sasa stoo. Naweza kutumia hiyo `IF` kwenye namba za bidhaa?

#21 FundiLeja
Hapana, usiiguse. Simu inapona kwa sababu urefu wake unajulikana. Namba zenu za stoo hazina urefu mmoja. Mbele ya 415 kulikuwa na sifuri mbili, moja, au hapakuwa na kitu, na 415 yenyewe haikumbuki. Hapo si suala la fomula tena, ni la ushahidi kutoka nje ya safu hiyo.

#22 Mzee_wa_Sokoni
Niulize kwa nia njema, hizi namba nani alizitunga? 00415, 0415 na 415 kwenye stoo moja ni kutega mtego. Hata mtu wa kusoma kwa mdomo kwenye simu atakosea.

#23 MamaStoo
Mzee wangu, mfanyakazi wa kwanza aliandika namba fupi. Wa pili akaja na tarakimu nne. Mwenye duka aliponunua mfumo, wa tatu akaanza tarakimu tano. Hakuna aliyegusa za mwenzake. Mimi ni wa nne.

#24 Kaka_Bakodi
Nipo kwenye supamaketi, naomba kuuliza kuhusu bakodi. Bidhaa za Marekani nyingi zinaanza na sifuri. Mfano 036000291452. Excel imenitolea 36000291452. Si ile tarakimu ya mwisho ya kuhakiki itaniambia kwamba kuna kitu kimepungua?

#25 FundiLeja
Swali zuri, na jibu linasikitisha: haitakuambia. Tarakimu ya kuhakiki inakokotolewa kuanzia kulia, moja mara tatu, inayofuata mara moja, unajumlisha. Sifuri ikizidishwa kwa tatu inabaki sifuri, haiongezi kitu. Chukua yako: ukiondoa ile 2 ya mwisho, tarakimu za kuzidisha kwa tatu ni 5, 1, 2, 0, 6, 0, jumla 14, mara tatu 42. Nyingine ni 4, 9, 0, 0, 3, jumla 16. Ukijumlisha unapata 58, na ili ufike 60 inatakiwa 2. Sasa iondoe ile sifuri ya mbele urudie: hesabu ni ileile, inapita.

Ila wewe una bahati ambayo MamaStoo hana. Bakodi hiyo ya Marekani ina tarakimu 12 daima. Ukikuta 11, rudisha sifuri moja. Angalia tu kama skana yenu inasoma 12 au inaongeza sifuri nyingine kuifanya 13, kwa sababu skana nyingine hufanya hivyo, na ukichanganya mbili hizo bidhaa moja itaonekana mbili.

#26 Kaka_Bakodi
Ndiyo maana! Maziwa ya kopo yapo mara mbili kwenye mashine. Asante.

#27 Dada_wa_Maabara
Nimesoma uzi wote. Sisi wa sayansi tumeteswa na jambo hili kwa njia nyingine. Kuna jini za binadamu zilizoitwa MARCH1 na SEPT1, Excel ikawa inazigeuza tarehe za Machi na Septemba. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jini ikazibadilisha, sasa ni MARCHF1 na SEPTIN1. Wameona ni rahisi kubadili jina la jini kuliko tabia za watu na faili.

#28 Baba_Neema
Jini wa kwenye chupa?

#29 Dada_wa_Maabara
Jini za kurithi, mzee, za kwenye damu 😂 Turudi kwa MamaStoo.

#30 Ras_Data
MamaStoo hukunijibu #7. CSV au `.xlsx`?

#31 MamaStoo
Samahani. Nimemuuliza kijana. Anasema alitumia lile la CSV nililompa. Lakini pia anasema aliona pembetatu ndogo za kijani kwenye kona za visanduku, akabofya alama ya njano ya mshangao, akachagua `Convert to Number` "ili zipone". Hakumbuki ilikuwa faili hili au la mwezi uliopita.

#32 Ras_Data
Basi mshukiwa wa tatu huyo! Pembetatu ya kijani maana yake Excel inasema "hapa kuna namba iliyohifadhiwa kama maandishi". Kwa bei hilo ni kosa. Kwa namba ya simu au ya bidhaa ndivyo inavyotakiwa iwe. Akibofya `Convert to Number` sifuri zinaondoka papo hapo. Ila pembetatu hizo zitokee, namba lazima zilikuwa bado maandishi. CSV iliyobofywa mara mbili haileti pembetatu, sifuri zinakuwa zimeshaliwa. Kwa hiyo huenda kuna `.xlsx` ilipita mahali.

#33 FundiLeja
Inawezekana. Pia inawezekana anakumbuka la mwezi uliopita. Kuna kipimo kimoja kitatupunguzia maneno. MamaStoo, ingiza kwa mkono kwenye mfumo bidhaa ya uongo, namba 00999. Toa CSV upya. Usiifungue na Excel, bofya kulia, ifungue na Notepad, tafuta 999. Kisha irudishe kwenye mfumo bila kuigusa, uone inabaki na sifuri ngapi.

#34 MamaStoo
Nimefanya yote mawili. Kwenye Notepad imeandikwa `00999,Jaribio,1,0`. Nimeirudisha, na kwenye mfumo bado ni 00999.

#35 FundiLeja
Kwa hiyo mfumo unatoa vizuri na unapokea CSV vizuri. Amebaki Excel, au kijana, au wote wawili.

#36 Ras_Data
Unapokea CSV vizuri. `.xlsx` hatujaipima. Nabaki na msimamo wangu.

#37 BintiUnguja
Nyie mtahukumiana, mama wa watu ana stoo ya kufungua kesho. Dada, katika lile faili ulilohifadhi, safu ya majina ya bidhaa ipo nzima? Na hamna orodha ya zamani popote, hata ya karatasi?

#38 MamaStoo
Majina yapo mazima. Na nimekumbuka: mwisho wa mwezi nilimtumia bosi hesabu ya stoo kwa PDF! Nimeifungua, sifuri zote zipo. 00415 beringi pisi 26, 0415 sili pisi 48, 415 kebo pisi 65. Jumla 139. Mfumo unasema 137. Risiti zinaonyesha tangu siku hiyo tumeuza beringi mbili tu. Inafunga!

#39 FundiLeja
Hongera, hapo umeshapata. Sasa usilinganishe kwa namba, linganisha kwa jina. Orodha ya PDF iweke kwenye shiti nyingine uiite Zamani, jina safu A, namba safu B, na kabla ya kubandika hakikisha safu B umeiwekea muundo wa `Text`, la sivyo zitaliwa tena mbele ya macho yako. Kisha, jina la bidhaa likiwa safu C ya faili lako:

```
=XLOOKUP(C2,Zamani!A:A,Zamani!B:B,"TAFUTA")
```

Zitakazotoka zimelala kushoto kwa kisanduku ni maandishi, ziko salama. Zikilala kulia zimegeuka hesabu, simama. Na majina uliyosahihisha Ijumaa yatatoa TAFUTA, hayo utayafanya kwa mkono.

#40 Otieno_wa_Dunga
Na siku nyingine usibofye faili mara mbili. Fungua Excel tupu kwanza, `Data`, halafu `From Text/CSV`. Pale kwenye `Data Type Detection` chagua `Do not detect data types`. Kila kitu kinaingia kama maandishi.

#41 Ras_Data
Nyongeza kwa Otieno. Ukisahau hapo, na ukaenda kubadilisha safu kuwa `Text` baadaye ndani ya kidirisha kinachofunguka kwa `Transform Data`, itakuuliza `Replace current` au `Add new step`. Chagua `Replace current`. Ukiongeza hatua mpya, ile ya kwanza inakuwa imeshageuza kuwa hesabu na unapata maandishi yasiyo na sifuri. Kwenye Excel za karibuni kuna pia swichi ndani ya `Options`, `Data`, ya kuzuia kuondoa sifuri za mwanzo, lakini inalinda kompyuta hiyo moja tu. Ya kijana wako itaendelea kula.

#42 MamaStoo
Nimemaliza saa nne usiku. Namba 31 ndizo zilizokuwa zimegongana. 27 zimerudi kila moja na jina lake na idadi yake. Nne zimenishinda: zina jina moja kwenye PDF. Mfano 0622 na 622 zote zimeandikwa "Pedi za breki". Moja ni ya bajaji, nyingine ya pikipiki, na bei zinatofautiana, lakini aliyeandika hakuweka.

#43 Mzee_wa_Sokoni
Maboksi si yapo rafuni? Mfanyakazi wa zamani lazima alibandika namba kwa kalamu.

#44 MamaStoo
Yapo rafu ya juu kabisa. Kesho asubuhi kabla hatujafungua napanda na ngazi. Kijana anashikilia ngazi.

#45 Ras_Data
Akishikilia muulize tena kuhusu `.xlsx`.